Ushauri: tuisheni ya nyumba kwa nyumba, 40,000 kwa mwezi inalipa?

Binti wa Mbagala: Habari zenu wakuu. Nataka kuanza kufundisha watoto wa darasa la tatu na la nne majumbani kwao huku Mbagala. Wazazi watano wamekubali. Nimewaza 40,000 kwa mtoto kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, kila siku saa moja na nusu. Usingizi sipati, naogopa nimekosea bei.

Kibuyu: Ualimu ni wito. Sisi mwalimu alitufundisha bure chini ya mwembe na tukafaulu.

Mama Wawili: Ratiba ya madrasa umeiuliza? Wangu wanatoka shule saa nane, saa kumi wako chuoni hadi magharibi. Mwalimu alikuwa anakuja usiku, wanamsinzilia. Wiki mbili tu nikamwachisha.

Chaki: Piga hesabu ya nauli kwanza. Bodaboda kwenda na kurudi ikiwa 2,000, mara 12 kwa mwezi ni 24,000. Kwa mtoto huyo unabakiwa na 16,000, kama 1,300 kwa kipindi. Wa mtaa mmoja wakusanye kwenye baraza ya mzazi mmoja. Ada ilipwe mwanzo wa mwezi, na mkubaliane mapema: mtoto asipokuwepo, kipindi kimehesabika, usipofika wewe, unafidia. Hao watoto umewapataje?

Binti wa Mbagala: Nawafahamu tu.

Chaki: Unawafahamu kivipi?

Binti wa Mbagala: Nawafundisha shuleni. Lakini jamani darasa lina watoto 90, nitamfikia nani? Na wazazi wawili wameshalipa.

Chaki: Hapo ndipo penye shida, siyo kwenye bei. Mzazi hatakukatalia, ataogopa mwanawe asije akatengwa darasani. Na asiyelipa atasema somo unalibakiza kwa ajili ya jioni. Chukua watoto wa shule nyingine.

Mdadisi: Hii chai. Jana wazazi wamekubali, leo wawili wamelipa, kesho tutaambiwa ana kituo.

Binti wa Mbagala: Si chai kaka. Nina daftari la mmoja hapa mezani: 402 kutoa 178 kaandika 376. Darasani nilimwekea kosa nikapita. Jana nilipokaa naye ndipo nikaona kwamba kila safu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, hata ndogo ikiwa juu. Kukopa hajui kabisa. Huyo nimwache?

Kibuyu: Hilo kosa hata mwanangu analo, yuko la tano!

Chaki: Basi hilo ndilo umwandikie mama yake kila Ijumaa: alikwama wapi, wiki hii kaweza nini. "Anaendelea vizuri" haimsaidii mzazi. Ila bado nasema huyo mpe mwalimu mwenzako wa shule ya jirani, wewe uchukue wa kwake.

Mama Wawili: Na hela ya wale wawili utarudisha?

Binti wa Mbagala: Ya mmoja ninayo. Ya pili nimenunulia ubao na madaftari. Jumamosi nakwenda kuongea nao.

Mdadisi: Uje utuambie.