Nimepigiwa simu ya skolashipu, hela sijatuma ila NIDA nimeshawapa, nifanyeje?

Binti_Mpare: Habari wakuu. Niko mwaka wa kwanza, chuo Dodoma. Jana jioni niko hosteli naosha vyombo ikaingia simu, kaka anaongea taratibu, kistaarabu, akataja majina yangu matatu, kozi na namba yangu ya mtihani wa fomu foo. Eti nimepata skolashipu ya milioni 3, nitume elfu 85 ya kufungua faili kabla ya saa 4 usiku, la sivyo anapewa mwingine. Akaomba namba ya NIDA nikampa. Mkopo nilikosa na baba ameshauza ng'ombe wawili, nilitamani sana iwe kweli. Hiyo elfu 85 ndo hela yangu ya kula ya mwezi.

Rumumeti akanizuia, akasema muulize kwanza lekcha wetu. Nikamkuta bado ofisini. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, hiyo skolashipu uliiomba lini?" Nikakosa jibu. Akafungua tovuti ya chuo, ile pidiefu ya waliochaguliwa, jina, kozi na namba ya mtihani vyote vipo pale, yeyote anasoma. Kisha akasema ingiza namba yao kama unatuma elfu moja, ila usiweke namba ya siri. Likatokea jina la mama mmoja, sio taasisi. Nikampigia yule kaka, akasema ni mhasibu wao, nikamwambia basi kesho nakuja ofisini kulipa, akaanza kufoka.

Sasa hiyo NIDA wataifanyia nini?

Mzee wa Kaunta: Pole binti. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao husika waifute. Rudia kila baada ya siku kadhaa. Meseji yao na namba yao tuma 15040. Na wakikupigia wakitaka namba za siri zinazoingia kwa meseji, usiwatajie hata moja.

chalii_wa_ngarenaro: Cha msingi angalia jina, likija la ofisi lipa tu bila wasi

Mzee wa Kaunta: Hapana mdogo wangu. Siku hizi wanatoa lipa namba, na hiyo inaleta jina la biashara, "Elimu sijui nini Entapraizi". Jina la mtu linakushtua, ila jina zuri halithibitishi kitu. Bora aende dawati la mikopo hapo chuoni aulize kwa miguu yake.

Mama Jose: Hata mwanangu kanyimwa mkopo mwaka huu, rufaa inafunguliwa lini jamani?

Binti_Mpare: Mama Jose pole, muulize dawati la mikopo la chuo chake. Mzee nimepiga *106#, zipo tatu, mbili zangu, hiyo ya tatu siijui. Labda baba alisajili kwa jina langu zamani, ngoja nimpigie.