Nimelipa 60,000 kwa chakula cha 31,300, na kodi ya mgahawa tumelipishwa mara mbili

Mkazi wa Tabata (mwenye uzi)

Wakuu, nimekaa na hili jambo siku tatu na bado linanikaba kooni, leo nalitoa.

Jumamosi tulitoka watu watano kwenda mgahawa mmoja hapa Dar. Mimi na dada mmoja tunayefanya naye kazi, pamoja na kaka watatu. Siku hiyo kaka mmoja alijitolea kulipa bili yote kwa simu yake, halafu kesho yake tumrudishie. Sikuona ubaya, ndivyo tunavyofanya siku zote.

Jumapili asubuhi kwenye grupu la wasapu ikaingia skrinishoti ya risiti na ujumbe: "Kila mtu 60,000, mtume na ya kutolea." Basi. Nikatuma, kwa sababu nilikuwa jikoni na watoto wananiita. Usiku ndipo nikaikuza ile picha na kuanza kusoma.

Vitu viko hivi. Sinia la mbuzi choma 70,000. Chipsi sinia mbili, 30,000. Sato mzima 35,000. Bia 16 za 5,000, jumla 80,000. Juisi ya embe mbili, 12,000. Maji makubwa matatu, 9,000. Jumlisha mwenyewe: 236,000.

Chini yake kuna mstari wa TOTAL EXCL OF TAX, 200,000, halafu TOTAL TAX, 36,000. Picha imekatwa hapo hapo. Nilipomuuliza hesabu yake akajibu bila wasiwasi: vitu 236,000, kodi 36,000, inakuwa 272,000. Tipu asilimia kumi, 27,200. Inakuwa 299,200, gawanya kwa watano, ni 59,840, "nikaifanya 60 isiwe na chenji".

Mimi mbuzi sili, na wote wanajua. Bia sinywi. Nilikula nusu ya sato na dada yule, nikachukua chipsi kama wengine, juisi moja, na maji. Bia 16 zimenywewa na kaka watatu, na yeye mwenyewe kanywa sita. Hiyo tipu ya 27,200 mimi sikuiona. Nilikuwa nimekaa upande wa mhudumu, nikaona kwenye kile kijitabu cha bili noti ya elfu kumi na ya elfu tano. Elfu kumi na tano. Yule dada wa watu alihangaika na meza yetu saa nne, halafu jina lake linatumika kuombea hela ambayo hakupewa!

Naombeni mnisaidie hesabu ya kweli, maana nikiongea kwenye grupu naambiwa nina roho ndogo.

Mzee wa Jioni

Dada, ukitoka na watu uwe umejiandaa. Kama hela ni ya mawazo, kaa nyumbani upike. Urafiki haugawanywi kwa kijiko.

Mkazi wa Tabata

Kaka yangu, soma tena. Sijasema nilipiwe wala sijasema sina. Angesema tangu mwanzo "tugawane sawa 251,000", ningetoa 50,200 na nisingefungua uzi. Nalalamikia kodi ambayo haikulipwa na tipu ambayo haikutolewa.

Fundi Simu

Mimi naona huyo jamaa hata amewapunguzia. Kodi ni 18%, na 18% ya 236,000 ni 42,480. Yeye kaweka 36,000.

Mhasibu wa Zamani

Fundi, asilimia umeipata ila umeipigia kwenye namba siyo. Bei za kwenye menyu huku kwetu kwa kawaida zina kodi ndani tayari. Ile 236,000 ni 118, siyo 100. Ili kuitoa kodi unagawanya kwa 118 na kuzidisha kwa 18, unapata 36,000 kamili, sawasawa na mashine ilivyochapa. Kwa hiyo serikali imeshachukua chake ndani ya ile 236,000, na mgahawa umebaki na 200,000.

Dada mwenye uzi, ushahidi uko kwenye picha yako hiyo hiyo hata kama imekatwa. Jumlisha bei za vitu kama zilivyochapwa, halafu tazama zinaangukia kwenye namba ipi. Zikilingana na TOTAL EXCL OF TAX, basi kodi inaongezwa juu. Zikilingana na TOTAL INCL OF TAX, kodi imo ndani na huongezi hata senti. Vitu vyenu ni 236,000, na mstari wa bila kodi unasema 200,000. Namba hizo mbili zisingetofautiana kama kodi ingekuwa bado haijaingia. Mstari uliokatwa lazima unasoma 236,000.

Niko Houston

Huku hiyo hesabu ya rafiki yenu ndiyo sahihi jamani. Menyu inaandika bei tupu, kodi ya mauzo 8.25% inakuja chini ya risiti, halafu tipu 18 au 20%. Ukikaa mezani hapa bila kuongeza, utaonekana mwizi.

Mhasibu wa Zamani

Ya Houston iko sahihi kwa Houston. Huko vitu vikijumlishwa vinalingana na mstari wa juu, kabla ya kodi. Ndiyo maana nasema mtu aisome risiti iliyo mbele yake, asilete mazoea ya mahali pengine.

Wa Nairobi

Kwetu pia menyu nyingi zina maandishi madogo chini kabisa kwamba bei ina VAT ya 16% na ile tozo ya utalii ya 2%. Kinachotuchoma sisi ni pale risiti imeshachapa malipo ya huduma, halafu mwenye kukusanya anaongeza tipu yake juu. Hebu cheki kama yenu ilikuwa na mstari huo.

Mkazi wa Tabata

Haukuwepo. Na yule dada niliyekula naye sato alikuwa amepiga picha ya risiti nzima pale mezani, kanitumia sasa hivi. Kweli, TOTAL INCL OF TAX 236,000. Chini kuna ile namba ya uhakiki, nimeiweka kwenye verify.tra.go.tz pamoja na saa ya risiti, ikafunguka ile ile, mstari kwa mstari. Mikono inanitetemeka ninavyoandika.

Mhasibu, nifanyie basi ya kila mtu.

Mhasibu wa Zamani

Nakwenda sahani moja moja, maana huko ndiko watu hupotea. Sahani ya pamoja igawanywe kwa walioila, siyo kwa waliokuwepo.

Mbuzi 70,000 kwa wanne, 17,500 kila mmoja, wewe humo. Sato 35,000 kwa nyie dada wawili, 17,500 kila mmoja. Chipsi 30,000 kwa watano, 6,000. Maji 9,000 kwa watano, 1,800. Juisi 6,000 kwa kila dada. Bia nimechukulia aliyelipa sita, wa pili sita, wa tatu nne. Kama siyo hivyo nirekebishe.

Wewe: 31,300. Dada mwenzako: 48,800. Kaka wa bia sita, kila mmoja 55,300. Wa bia nne 45,300. Ukizijumlisha zote zinarudi 236,000. Zisiporudi ujue kuna kitu umekisahau au umekihesabu mara mbili, usiendelee mpaka zirudi.

Kodi usiiguse, imeshatembea ndani ya kila bei. Inabaki tipu, 15,000 iliyotoka kweli.

Bint Ilala

Samahani natoka kidogo nje ya mada. Mimi wifi yangu kila tukikusanya anadai na ya kutolea kutoka kwa kila mtu, wakati yeye hatoi hela, analipia vitu kwa simu moja kwa moja. Watu kumi, kila mmoja anaongeza, na hajawahi kukanyaga kwa wakala. Huyo wenu naye alilipa kwa simu, mmeuliza hiyo ya kutolea imekwenda wapi?

Mkazi wa Tabata

Dada, hapo umenigusa. Nilimwongezea, na wengine nao wakaongeza. Sikuwa nimeifikiria kabisa.

Fundi Simu

Sawa nimeelewa ya 118. Lakini tipu iwe kwa asilimia ya alichokula mtu. Aliyemchosha mhudumu na bia sita atoe zaidi.

Mhasibu wa Zamani

Ukifuata njia hiyo, mwenye uzi anatoa kama 1,990 na mnywa bia sita kama 3,515. Ukigawa sawa ni 3,000 kila kichwa. Mimi kwa 15,000 nagawa sawa, kwa sababu mhudumu alihudumia meza, na tofauti ni kama elfu moja. Ingekuwa malipo ya huduma yaliyochapwa kwa asilimia, ningefuata ulaji wa mtu.

Fundi Simu

Hapo sikubaliani na wewe. Elfu moja ni yake.

Mhasibu wa Zamani

Haya, tuishie hapo. Kwa tipu ya sawa: mwenye uzi 34,300, dada 51,800, kaka wa bia sita 58,300 kila mmoja, wa bia nne 48,300. Jumla 251,000.

Sasa tazama upande wa pili. Wanne mmetuma 60,000, yaani 240,000 mkononi mwake, ukiacha ya kutolea. Alichotoa yeye ni 251,000. Mtu mwenye chakula na bia za 55,300 ametoka mfukoni na 11,000. Sisemi aliiba, huenda kweli aliona neno TAX akaongeza. Ila kosa lote limeangukia mfukoni mwake. Anawadai nyie sifuri. Wewe akurudishie 25,700, dada 8,200, wa bia sita 1,700, wa bia nne 11,700.

Mzee wa Jioni

Kumbe katoa 11,000? Hiyo mimi sikuiona. Hapo dada una haki, dai chako.

Mkazi wa Tabata

Nimeweka risiti nzima kwenye grupu pamoja na hesabu ya Mhasibu, neno kwa neno. Amekaa kimya saa mbili, halafu kaandika kwamba kodi alidhani inaongezwa, na hiyo tipu nyingine "alikuwa anaiweka kwa ajili ya safari ijayo". Safari ipi? Hakuna aliyeambiwa. Kanitumia 20,000. Nimemjibu kwamba bado 5,700 na ya kutolea, hajasema kitu.

Yule kaka wa bia nne amenifuata pembeni, anasema 11,700 yake ameisamehe na mimi niache, eti tutavunja grupu. Yake asamehe. Ya kwangu bado naidai, na Jumamosi hii sitoki nao mpaka 5,700 iingie.