Ujumbe wa sauti kwa wakazi kuhusu mtoto aliyefanyiwa ukatili: niseme nini?

Mwenyekiti wa Mtaa, Temeke: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mtoto wa mtaani kwangu amefanyiwa ukatili wa kingono. Familia imekwisha kwenda polisi na hospitali, na mtuhumiwa anashikiliwa. Kundi letu la WhatsApp lina mamia ya wakazi, na tangu asubuhi wanahimizana kwenda kuichoma nyumba ya mtuhumiwa, ambamo bado wanaishi mke wake na watoto. Jioni nataka kurekodi hivi: “Wakazi wenzangu, mtoto wa kiume wa darasa la tatu, anayekaa karibu na msikiti, amelawitiwa, na mhusika amekiri. Naomba tutulie.” Je, inafaa?

Baba Watatu: Mtaje mtuhumiwa kwa jina, Mwenyekiti. Huenda wapo watoto wengine aliowadhuru, na wazazi wao wana haki ya kujua.

Ustawi Mstaafu: Hofu ya Baba Watatu ni ya kweli, lakini jina halihitajiki ili wazazi hao wajitokeze. Mwenyekiti, jinsia, darasa na msikiti vikiunganishwa, mtoto amekwisha kutajwa, na sauti yako itasambazwa hadi shuleni kwake. Neno “amekiri” liondoe kabisa, kwa kuwa kukiri ni jambo la mahakama kulipima, na wenye hasira watalisikia kama ruhusa. Ombi lako nalo limekaa mwishoni, ilhali wengi huacha kusikiliza mapema. Mimi ningesema hivi:

“Wakazi wenzangu, ni Mwenyekiti wenu. Naomba mtu yeyote asiende kwenye nyumba ya mtu, na aliyetuma jina au picha aifute sasa. Kuna mtoto ametendewa ukatili; yuko salama, anatibiwa, na polisi wanalishughulikia. Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu mwanawe asimwogeshe wala kufua nguo zake. Ampeleke hospitali mara moja, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72, kisha aende Dawati la Jinsia na Watoto, au apige 116 bila malipo. Mwenye taarifa anipigie mimi, asiiandike humu.”

Isome kwanza kwa mama wa mtoto. Akikataa sentensi yoyote, itoe.

Mama Mbagala: Kwetu mwenyekiti alituma ujumbe kama huo, kisha akaacha kundi wazi, na majina yakarudi usiku uleule.

Ustawi Mstaafu: Ni kweli. Funga kundi kwanza, wasimamizi pekee waweze kutuma, ndipo utume sauti.

Dereva wa Tandika: Hospitali si watadai PF3 kwanza?

Ustawi Mstaafu: Fomu hiyo inahitajika kwa kesi, lakini mtoto asikalishwe nyumbani akiisubiri. Afike hospitali, na ndugu mwingine aifuate polisi.

Mwenyekiti wa Mtaa, Temeke: Nashukuru sana. Mama wa mtoto ameridhia yote isipokuwa “anatibiwa”, nami nimeliondoa. Kundi nimelifunga. Limebaki moja: mke wa mtuhumiwa anauliza kama ahame usiku huu, na sijui nimjibu nini.

Mama Mbagala: Mwombe mkuu wa kituo doria ya usiku, lakini mama huyo asilale pale na watoto.