Newton inajikokota kwenye mzizi unaojirudia: tuzidishe hatua kwa m, tutumie u = f/f', au kuna njia nyingine?

KijanaWaNyegezi

Wakuu, salaam. Naandika programu ndogo ya kukadiria samaki wanaobaki ziwani kwa kila kiwango cha uvuvi. Natumia modeli ya Fox. Humo x ni wingi wa samaki waliopo ukigawanywa kwa wingi ambao ziwa lingebeba bila uvuvi, na h ni mavuno yakishagawanywa kwa wingi huohuo na kwa kasi ya samaki kuongezeka. Samaki wasipoongezeka wala kupungua, -x ln x - h = 0.

Natafuta mzizi, yaani x inayoufanya mlingano huo uwe sifuri, kwa njia ya Newton. Kwa mavuno ya wastani inafika chap. Nikiweka mavuno ya juu kabisa ambayo ziwa linaweza kustahimili, yaani h = 1/e, inaanza kutembea kama kinyonga. Msimbo ni huu:

```python
from math import log, e
h, x = 1/e, 0.6
for i in range(5):
    f  = -x*log(x) - h
    df = -log(x) - 1
    x  = x - f/df
    print(x)
```

Inatoa 0.4745, 0.4189, 0.3929, 0.3802, 0.3740. Jibu ni 1/e, yaani 0.367879. Nimesoma kwamba kuna marekebisho mawili: kuzidisha hatua kwa m, yaani idadi ya mara mzizi unajirudia, au kuunda u = f/f' kisha kufanya Newton juu ya u. Lipi bora? Au niachane na Newton kabisa?

Chap_Chap

Dogo, hilo halikuhitaji uzi. Weka 2 mbele ya f/df, umemaliza. Mimi naiacha 2 muda wote, hata kwenye mizizi ya kawaida, maana hatua ndefu haijawahi kumchelewesha mtu. Ukiogopa, tumia njia ya kugawa nusu kwa nusu. Ile haijui mzizi wa kujirudia wala wa kutojirudia.

Dada_Msimbo

@Chap_Chap nusu kwa nusu hapa haifanyi kazi kabisa. Inahitaji f iwe hasi upande mmoja na chanya upande wa pili. Chora grafu yake: kwa h = 1/e mkunjo unapanda, unagusa mhimili kwa kichwa, halafu unashuka tena. Pande zote mbili ni hasi. Itatafuta mahali pa kugeuka alama na haitapaona.

Kuhusu 2, kwa swali hili la kijana uko sahihi. Nimeijaribu kuanzia 0.6: hatua ya kwanza 0.3490, ya pili 0.36771, ya tatu 0.36787943. Kosa limetoka 0.019 hadi 0.00017, kisha likawa chini kidogo ya 0.00000002. Hiyo ndiyo Newton tunayoijua. Ila hiyo "muda wote" yako sikubaliani nayo.

MwlNamba_Bwiru

Habari za jioni wote. Kijana, kabla ya kuchagua dawa, tazama makosa yako mwenyewe. Toa 0.3679 kwenye kila jibu ulilopata: 0.1066, 0.0511, 0.0250, 0.0124, 0.0061. Kila hatua inakata nusu. Wala si bahati.

Sababu yake ni hii. Ukiwa umbali d kutoka kwenye mzizi wa kawaida, f inapungua sambamba na d, na mteremko unabaki namba ya kueleweka. Kwa hiyo f/f' ni karibu d nzima, na ukiitoa unatua karibu kabisa na jibu. Hapa mkunjo unagusa tu. Karibu na mguso f inapungua kama d mara d, na mteremko nao unakufa, lakini unapungua kama d. Ukigawanya, unapata nusu ya d. Newton inadhani imepiga hatua kamili kumbe imepiga nusu. Mzizi ukijirudia mara tatu itapiga theluthi, na kosa litabaki theluthi mbili kila mara. Kwa mizizi inayojirudia mara m, kosa linazidishwa kwa 1 - 1/m kila hatua.

Ndiyo maana kuzidisha kwa m kunarudisha kasi: unamlipa Newton kile alichopunjwa. Ernst Schröder aliyaeleza haya yote mawili, ya m na ya u, mwaka 1870, kwa hiyo si mambo ya kompyuta.

KijanaWaNyegezi

Asante sana Mwalimu, imeingia. Sasa nitajuaje m nikiwa sijui jibu? Hapa najua kwa sababu nimechora.

MwlNamba_Bwiru

Pima hatua zenyewe, si makosa, kwa sababu makosa huyajui. Hatua zako ni 0.1255, 0.0556, 0.0261, 0.0126, 0.0062. Gawanya kila moja kwa iliyoitangulia: 0.443, 0.469, 0.484, 0.492. Inaelekea 0.5. Chukua 1, gawanya kwa (1 - 0.492), unapata 1.97. m ni 2. Ingekuwa inaelekea 0.667, m ingekuwa 3. Kwenye mzizi wa kawaida uwiano huo unaporomoka kuelekea sifuri, hausimami popote.

Subiri hatua tatu nne kabla ya kuamua. Uwiano wa kwanza huwa bado una vumbi.

Vizimba_Igombe

Samahani wataalamu, naingilia kidogo. Mimi nafuga sato kwenye vizimba huku Igombe. Hiyo 0.37 ina maana nikivua asilimia 37 ya samaki wangu niko salama? Maana mnunuzi ananisumbua kila siku.

Dada_Msimbo

Hapana kaka. 0.37 ni wanaobaki majini, si unaowatoa. Halafu modeli hii ni ya samaki wanaozaana wenyewe ziwani. Wa kwako umewapandikiza vifaranga, chakula unawapa wewe, na siku ya kuvuna unaijua. Hesabu yako ni ya uzito na gharama ya chakula, usiiongoze kwa mlingano huu.

Vizimba_Igombe

Nashukuru dada. Nitabaki kusoma tu, hata kama nusu sielewi.

Dada_Msimbo

Narudi kwa @Chap_Chap na 2 ya muda wote. Nimeshusha h kidogo tu, kutoka 0.3679 hadi 0.36. Sasa mkunjo unakata mhimili mara mbili, kwenye 0.294 na 0.447, na kijana anahitaji ule wa juu, maana ndio ambao samaki wakiyumba kidogo wanaurudia. Newton ya kawaida kuanzia 0.6: 0.4906, 0.4537, 0.4469, 0.4466. Imefika.

Yenye 2: 0.381, halafu 0.809, halafu 0.33, halafu 0.22. Imeruka katikati ya mizizi miwili ambako mteremko ni karibu sifuri, ikarushwa hadi juu kuliko ilikoanzia, ikarudi ikapita hata mzizi wa chini.

Chap_Chap

Duh. Ila hiyo ni kwa sababu ulianzia mbali. Ungeanzia karibu ingetulia.

MwlNamba_Bwiru

Isingetulia, ndugu yangu. Karibu na mzizi wa kawaida f/f' ni d nzima. Ukiizidisha kwa 2 umetoa d mbili, kwa hiyo unatua umbali uleule upande wa pili. Hatua inayofuata inakurudisha ulikotoka, au karibu na hapo. Ukiona programu inabadilishana namba mbili bila kukaribiana, shuku kwamba m uliyoweka ni kubwa kuliko ya kweli.

KijanaWaNyegezi

Basi u ndiyo mshindi? Maana yenyewe haiulizi m.

Dada_Msimbo

Kwa kazi yako mimi ningechagua u. Mizizi yote ya f, hata inayojirudia, inakuwa ya kawaida kwenye u, kwa hiyo Newton inarudi kwenye kasi yake bila kuambiwa. Hatua yake ni hii, d2f ikiwa mteremko wa mteremko, hapa -1/x:

```python
x = x - f*df/(df*df - f*d2f)
```

Kwa h = 1/e kuanzia 0.6 nimepata 0.3808, kisha 0.36795, kisha kosa dogo kuliko 0.00000001. Kwa h = 0.36 nimepata 0.4256, 0.4432, halafu ikatua 0.4466. Msimbo mmoja, hali zote mbili. Gharama yake ni kukokotoa d2f, na hapa ni bure.

MwlNamba_Bwiru

Nakubali, kwa masharti. Kwanza, u inalipuka pale mteremko ni sifuri lakini f si sifuri. Kwa h = 0.36 mahali hapo ni 1/e, katikati kabisa ya mizizi yako miwili. Ukianzia upande usiofaa wa hapo utaletewa mzizi wa chini, na huenda usishtuke.

La pili ni zito zaidi, na hakuna marekebisho yanayolitibu. Endelea kuzungusha baada ya hatua ya tatu uone. Ukiwa umbali wa 0.00000001 kutoka kwenye jibu, f ya kweli ni kama 0.00000000000000014. Ili kuipata, kompyuta inatoa namba mbili zinazokaribia 0.3679, na nafasi kati ya namba mbili jirani inazoweza kuandika hapo ni kama 0.00000000000000006. Kwa hiyo f yako imebaki na tarakimu moja ya kubahatisha. Mzizi unaojirudia mara mbili unakupa takriban desimali nane za kuaminika, si kumi na sita, na hilo haliondoki kwa m wala kwa u. Marekebisho yanakufikisha haraka kwenye ukungu, hayauondoi. Mbaya zaidi, ukiingia ndani sana, f ya kubahatisha inagawanywa kwa mteremko ambao ni karibu sifuri, na x inaweza kuruka mbali kabisa. Simamisha mzunguko pale f inapofikia kiwango cha kelele. Usisubiri hatua iwe sifuri.

Chap_Chap

Sasa Mwalimu, kama mteremko nao ni sifuri pale pale, si tutatue f' = 0 badala ya f = 0? Hapo ni mzizi wa kawaida, tarakimu zote zinarudi.

MwlNamba_Bwiru

Hapo umenena. Kwa h = 1/e unapata ln x = -1 na tarakimu zote kumi na sita. Lakini f' haina h ndani yake. Weka h ya 0.36 au 0.38, itakujibu 1/e ileile. Kwa 0.36 jibu hilo si la swali lako, na kwa 0.38 swali halina jibu: uvuvi umezidi na hakuna wingi wa samaki unaosimama. Kwa hiyo ukishapata x, irudishe kwenye f uone kama kweli ni sifuri.

KijanaWaNyegezi

Hapo ndipo ninapokwama Mwalimu. h yangu inatokana na takwimu za mialo, na hata tarakimu ya tatu sina uhakika nayo. Sitajua kamwe kama niko kwenye mguso, juu yake kidogo au chini yake.

Dada_Msimbo

Basi desimali nane za Mwalimu ni nyingi kuliko unazohitaji. Tumia u, na kwanza linganisha h na 1/e ili ukatae swali lisilo na jibu.

MwlNamba_Bwiru

Mimi ningempa kiwango cha chini na cha juu cha h, nikamtolea x mbili. Karibu na mguso, h ikiteleza kwa 0.008 mzizi unasogea kwa 0.08, umeona wenyewe hapo juu. Kumpa namba moja yenye desimali nane ni kumdanganya mtu wa idara ya uvuvi.

Dada_Msimbo

Lakini hizo x mbili nazo utazitafuta kwa njia gani, Mwalimu, kama h ya juu imevuka 1/e?