Tupeane uzoefu: ulipigwa faini ya kuchelewesha oda, ukaokoaje akaunti?

Sandali_Nakuru
Wenzangu mnaouza mtandaoni, tuambiane. Mimi nauza sandali za ngozi hapa Nakuru. Pasaka iliyopita nilipigwa faini kwa oda nne, na mzigo wote nilikuwa nimeufikisha kituo cha kupokea vifurushi ndani ya muda. Oda ziliingia Alhamisi jioni. Ijumaa Kuu kituo kilifungwa. Jumamosi saa sita kasoro nikafika na gunia langu, nikakuta mhudumu mmoja na foleni hadi mlangoni. Akaniambia, "Wacha hapo kwa kona, nitazishughulikia." Nikaacha, nikapanda matatu. Zilipigwa skani Jumanne asubuhi. Siku 30 hizo nilikuwa na oda 40, kwa hivyo nne ni asilimia 10, na duka likasukumwa chini mpaka hata mamangu hangelipata. Nyinyi yaliwapata vipi?

Mpesa_Kwanza
Kosa lako ni moja tu. Oda ikiingia, bonyeza "Ready to ship" hapo hapo, hata kama hujafunga. Saa inasimama. Mimi hufanya hivyo kila siku na sijawahi kuguswa.

Kitenge_Ksm
Mpesa_Kwanza, hiyo inategemea unauza wapi. Mimi nina maduka mawili, moja la hapa nyumbani na jingine Amazon. Kule Amazon kinachohesabiwa ni siku uliyobonyeza "Confirm shipment", na ucheleweshaji unatakiwa usifike asilimia 4. Lakini ukibonyeza kabla hujatuma, namba ya ufuatiliaji inakaa bila skani hata moja, na kuna kipimo kingine kinachotaka zaidi ya asilimia 95 ya vifurushi viwe na namba halali. Unaziba hapa, kunavuja pale. Hili la nyumbani ndilo lililomuuma Sandali: saa inasimama kwa skani ya kituo. Kubonyeza kwako hakuna kazi.

Mimi pia niliumia. Nilikuwa nabandika selotepu ing'aayo juu ya mistari ya lebo ili mvua isiiharibu. Mashine ikashindwa kuisoma, mhudumu akaweka kando. Siku hizi lebo inakaa upande bapa wa kifurushi, haikunjwi kwenye pembe, na selotepu inapita kingoni tu. Halafu siondoki kituoni. Nasimama hapo nikiangalia simu mpaka kila oda ibadilike. Siku moja, kati ya oda 11, moja iligoma. Tulipotafuta, tulikuta imeangukia nyuma ya mzani.

VyomboKakamega
Mimi walinishusha nyota kwa sababu mteja alisema sufuria ni ndogo kuliko picha, na vipimo niliandika! Nifanyeje aondoe hayo maoni?

Kitenge_Ksm
Mama, hiyo ni nyota ya mteja, haihusiani na kuchelewa. Kwenye picha inayofuata weka sufuria karibu na pakiti ya unga ya kilo 2. Watu hawasomi sentimita.

Omena_Dry
Na ukiona hutawahi, si ufute oda tu? Bora ifutwe kuliko ichelewe.

Kitenge_Ksm
Omena, pole sana, hapo utajichoma. Amazon kikomo cha oda muuzaji anazofuta mwenyewe ni asilimia 2.5, kikali kuliko cha kuchelewa. Mteja akiomba mwenyewe kufuta kupitia mfumo, haikuhesabiwi. Kwa hivyo kama mali ipo, tuma hata kama umechelewa. Kama mali haipo, shida yako ni hesabu ya stoo. Mimi nikibaki na vitenge viwili vya rangi moja, mtandaoni naandika kimoja, kwa sababu hicho kingine kinaweza kuuzwa hapa Kibuye mimi nikiwa nimeenda chai.

Sandali_Nakuru
Asante. Na je, ile asilimia 10 ilishukaje kwako? Nilianza kuuza kwa bei ya hasara nipate oda nyingi. Nikapiga hesabu: ili nne ziwe chini ya asilimia 4, nahitaji oda 101!

Kitenge_Ksm
Acha kabisa. Dirisha ni la siku 30 na linasonga. Tafuta tarehe ya zile nne, zikitoka dirishani zinaondoka zote. Wewe linda oda chache ulizo nazo. Ongeza siku za kuandaa kutoka moja hadi mbili, ingawa zitafuata oda mpya tu, za zamani zinabaki na ahadi yake. Sikukuu ikikaribia, weka duka likizo Jumatano, siyo Alhamisi jioni.

Mpesa_Kwanza
Siku mbili wateja wanakimbilia kwa jirani.

Kitenge_Ksm
Wengine watakimbia, sikatai. Mauzo yangu yalipungua kidogo.

Sandali_Nakuru
Rufaa nilituma na picha ya gunia likiwa kituoni, saa na tarehe zikionekana. Wakajibu kwamba picha haionyeshi namba za vifurushi. Nimetuma tena na jina la mhudumu aliyenipokea. Leo ni siku ya tisa, kimya. Kuna mtu aliyewahi kurudishiwa faini yake?

Omena_Dry
Mimi moja kati ya tatu. Hiyo moja nilikuwa na karatasi yenye muhuri wa kituo.