Dogo kamaliza fomu foo, fiziksi anasema imemshinda. Tunajipangaje kabla ya matokeo?

binti_wa_moro: Wakuu habari. Mdogo wangu kamaliza fomu foo Novemba hii, anataka utabibu. Bailojia anajiamini, kemia anaona D anapata, fiziksi katoka chumba cha mtihani amenuna, anasema hiyo F. Nyumbani hela ni ya jambo moja tu, kurisiti au chuo. Tufanye nini saa hizi?

kijogoo88: Akirisiti arudie masomo yote dada, ukirudia moja yale ya zamani yanafutika.

mzee_wa_chaki: Hapana kijogoo, hayafutiki, mtahiniwa wa kujitegemea anajisajili somo analotaka, hata moja, na cheti cha kwanza kinabaki. Ila ni kweli anakuwa na vyeti viwili mkononi.
Binti, kinachowabana ni muda. Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari, na usajili wa kujitegemea NECTA kwa kawaida huisha Februari, ukivuka hapo unalipa na faini. Kwa hiyo hela ya usajili itengeni sasa hivi, msisubiri majibu ndo muanze kukopa, na muulizie mapema kituo chenye maabara maana fiziksi ina praktiko.
Utabibu unataka angalau D nne bila kuhesabu dini, na ndani yake bailojia, kemia na fiziksi ziwemo. F ya fiziksi inafunga mlango huo. Ila famasia wanataka kemia na bailojia, halafu mbili zingine zozote zisizo za dini. Tuseme dogo kapata bailojia C, kemia D, kiswahili C, kingereza D, fiziksi F: famasia anaomba mwaka huuhuu, utabibu mpaka arudie Novemba na majibu yatoke Januari nyingine, yaani mwaka mzima umeenda. Kemia ikiwa F, vyote viwili havipo. Vigezo mcheki kwenye mwongozo wa NACTVET wa mwaka husika, na chuo kiwe kimo humo.

mtoto_wa_chuo: Mi nilikula sapu mbili semista ya kwanza, chuo kikatupa mtihani Septemba tukaendelea freshi, asiogope.

mzee_wa_chaki: Hiyo ya chuo mdogo wangu, huyu ni fomu foo.

fundi_wa_mikese: Mpeleke VETA

binti_wa_moro: VETA si wanaanza Januari?

fundi_wa_mikese: Kozi ndefu ndio, fomu zake zinatoka mwaka unaotangulia, mmechelewa. Kozi fupi zipo katikati ya mwaka, umeme wa majumbani, udereva. Mi dogo wangu kakaa gereji tangu amalize, saa hizi hataki hata kusikia shule.

binti_wa_moro: Hilo ndo linaniogopesha. Mjomba ana duka la dawa muhimu anamtaka akae pale mpaka Septemba, bi mkubwa anataka tuisheni ya fiziksi kuanzia sasa.

mzee_wa_chaki: Tuisheni kabla ya kujua kafeli? Mi ningengoja Januari. Dukani aende, ila kuuza dawa asiachiwe, hana mafunzo, apange tu na kuandika stoo.

kijogoo88: Mi niko na bi mkubwa, fiziksi ukiiacha miezi mitatu inakukimbia.