Kikundi cha majirani, Kirumba: kalori za matembezi ya asubuhi

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Leo nimetoka saa nzima, mpaka mwaloni na kurudi. Simu inasema kilomita 4.2, nami nina kilo 80. Kwenye jedwali la MET, kipimo cha nguvu ambazo mwili unatumia ukilinganisha na kukaa tu, nimechukua 4.3 ya mwendo wa haraka, nikazidisha 4.3 × 80 × 60. Imekuja 20,640! Nimekosea wapi?

Mwalimu: Marahaba mama. Dakika ndizo zilizokuponza. MET moja ni kama kalori 1 kwa kila kilo kwa saa, hivyo muda uandike kwa saa. Dakika 60 ni 1, jibu linakuwa 344. Ila saa yote hiyo ulikuwa unatembea?

Mama Neema: Mwaloni nilisimama kununua dagaa, kama robo saa.

Mwalimu: Basi itoe. Zinabaki dakika 45, gawa kwa 60 upate 0.75. Kilomita 4.2 gawa kwa 0.75, mwendo wako ni 5.6 kwa saa, na kwenye tambarare ndio huo wenye 4.3. Sasa 4.3 × 80 × 0.75 = 258. Ile robo saa ya dagaa ilikuwa imekuongezea 86.

Kaka Elia: Hapana mwalimu. Fomula sahihi ni MET × 3.5 × kilo ÷ 200 × dakika. Inatoa 271.

Mwalimu: Hiyo nayo ni sahihi, Elia. Inaanzia kwenye oksijeni, mililita 3.5 kwa kilo kwa dakika, na kila lita inahesabiwa kalori 5. Ukiifuata mpaka mwisho, MET moja inakuwa 1.05 badala ya 1. Ukikosea mwendo kidogo tu, utapotea zaidi ya hapo. Shika moja usibadilishe.

Bi Rehema: Mimi natembea na sweta, jasho linanitiririka. Si kalori zinaongezeka?

Mwalimu: Jasho ni maji, bibi. Mizani ikishuka, ukinywa maji inapanda tena. Kwenye hesabu hii halimo.

Mama Neema: Kwa hiyo 258 naziongeza kwenye matumizi yangu ya siku?

Mwalimu: Usiziongeze zote. Hata ungekaa kwenye kochi mwili ungetumia MET 1. Punguza hiyo: 3.3 × 80 × 0.75 = 198. Zile kalori 60 zilizopungua zimeshahesabiwa kwenye matumizi ya kawaida ya siku.

Baba Kulwa: Mimi nakimbia. Kilo 60, kilomita 4 kwa nusu saa: 8.3 × 60 × 0.5 = 249. Lakini njia yangu inapanda kilima cha Bugando.

Mwalimu: 8.3 ni ya tambarare, baba.

Kaka Elia: Si anashuka pia? Inafidiana.

Mwalimu: Haifidii yote. Kwa mwendo wa mama Neema, mwinuko mdogo tu unaipeleka 4.3 mpaka 5.3. Kushuka kunapunguza, lakini miguu bado inafanya kazi ya kukuzuia. Gawa njia vipande viwili, kila kimoja na dakika zake.

Kaka Elia: Kwa njia inayoanzia na kuishia nyumbani, bado naona tofauti itakuwa ndogo.

Baba Kulwa: Kesho nikifika juu nitabonyeza saa, niwaletee dakika za kupanda na za kushuka.